Wikiendi ya Baridi Lushoto: Vyumba 5 Tu

Dar jasho, huku blanketi mbili. Njoo Ijumaa, uondoke Jumapili.

Picha ya 1: Chumba cha watu wawili, dirisha linatazama bonde. Sh 55,000 kwa usiku.
Picha ya 2: Chumba cha familia, kitanda kikubwa na viwili vidogo. Sh 85,000.
Picha ya 3: Chumba cha mtu mmoja. Kidogo kweli, hatukufichi, ila maji ya moto yapo. Sh 35,000.

Bei ni ya chumba, pamoja na chai ya tangawizi, maandazi, mayai na matunda ya msimu. Jumamosi tunakupeleka Irente kuangalia tambarare chini. Njoo na sweta.

Kuweka nafasi:
1. Tutumie ujumbe hapa: tarehe, chumba, idadi ya watu.
2. Tukithibitisha, tutakupa lipa namba. Lipa nusu ndani ya saa 24.
3. Tuma muamala, tukurudishie risiti. Salio ukifika.

Ukiahirisha kabla ya Jumatano, hela yako inarudi yote. Basi likikushusha Mombo usiku, tuambie mapema tukutafutie gari la kupandisha.