Mada: Kukatwa alama katika mtihani wa Jumatano, na kama kubahatisha kunalipa

Habari zenu,

Tangu nitangaze kwamba jibu lisilo sahihi litakatwa alama katika mtihani wa Fiziolojia, baadhi yenu mmenijia ofisini na hofu. Mmoja ameniambia atajibu yale tu anayoyajua kwa hakika. Tafadhali msifanye hivyo. Nitawaonyesha hesabu yenyewe.

Maswali ni 40, kila moja lina majibu manne. Ukipata, alama 1. Ukikosa, unakatwa robo. Ukiacha wazi hupati kitu wala hukatwi. Nimeweka utaratibu huu kwa sababu bila kukatwa, asiyesoma kabisa angeweza kujaza ovyo na kuokota wastani wa alama 10. Sasa ataokota 2.5.

Ndiyo, bado anaokota. Ukibahatisha maswali manne, kwa wastani utapata moja na kukosa matatu: unaingiza 1, unakatwa 0.75, unabaki na 0.25. Faida hiyo ni ndogo mno, tena si ya uhakika. Wakibahatisha wanafunzi 100 maswali 10 kila mmoja, takriban 24 watatoka na hasara na 28 watabaki na sifuri ileile.

Mambo hubadilika pale unapojua kidogo. Ukiweza kufuta jibu moja ambalo una hakika silo, wastani wako unafika karibu 0.17 kwa swali. Ukifuta mawili, 0.375. Hapo usiache wazi hata kama moyo unasita. Ujuzi wako nusu una thamani, nami nataka uonekane kwenye alama zako.

Lakini kuna jambo moja linalowaumiza wengi kila mwaka. Majibu yasiyo sahihi siyaandiki ovyo. Nayatoa kwenye makosa ninayoyaona katika kazi zenu. Nikiuliza kuhusu ateri ya mapafu, lazima kutakuwa na jibu linalosema inabeba damu yenye oksijeni nyingi, kwa kuwa wengi wamekariri kwamba ateri zote hufanya hivyo. Kwa hiyo jibu linalokuvutia tu kwa kuwa "linasikika sawa" linaweza kuwa na nafasi ndogo kuliko moja kwa nne. Jiulize: nimefuta mengine kwa sababu gani? Ukiwa na sababu, jibu.

Hesabu hii ni ya mtihani huu pekee. Kwingine wakikata theluthi kwa majibu manne, kubahatisha kwa upofu hakukupi wala hakukunyang'anyi kitu, kwa wastani. Wakikata nusu, ni hasara. Someni maelekezo ya kila karatasi kabla ya kugusa swali la kwanza.

Nitakuwa ofisini Jumanne kuanzia saa nane mchana. Njooni na maswali ya mazoezi mliyoyakosa, tuangalie pamoja yapi mngeweza kufuta.

Mwalimu wenu wa Fiziolojia