Rufaa yangu kuhusu barua ya onyo la mwisho

Kwa: Meneja Mkuu
Nakala: Idara ya Rasilimali Watu
Kutoka: Karani wa stoo, zamu ya asubuhi
Tarehe: 23 Machi

Habari za majukumu bosi,

Naandika kukata rufaa juu ya barua ya onyo la mwisho niliyopewa tarehe 19 Machi. Barua yenyewe imenipa siku tano za kazi kwahiyo bado niko ndani ya muda. Naomba usome mpaka mwisho, najua una mambo mengi, na nimejitahidi kuongea kuhusu yaliyotokea tu bila kumsema mtu vibaya. Pale kwenye barua niliposaini niliandika "nimepokea", sikuandika nimekubali, nalisema hili mapema maana nimesikia inasemwa kwamba nilisaini kwahiyo nilikiri.

Barua ina tuhuma tatu, zote za tarehe 12 na 13 Machi. Kwamba tarehe 12 niliondoka kazini saa tisa na nusu kabla zamu haijaisha. Kwamba siku hiyo hiyo saa kumi na moja na dakika ishirini jioni nilitoa katoni 40 zikapakiwa kwenye lori bila saini ya supavaiza, na katoni hizo kwenye hesabu ya stoo hazionekani. Halafu kwamba tarehe 13 nilimkosea adabu supavaiza kwenye grupu la Watsapu la stoo.

Sasa bosi naomba uziweke hizo mbili za kwanza pamoja uzisome tena taratibu. Mtu aliyetoroka kazini saa tisa na nusu hawezi kuwa huyo huyo aliyepakia lori saa kumi na moja na kitu. Kama nilikuwa nimeshaondoka basi lori sijalipakia mimi, na kama lori nimelipakia mimi basi sikutoroka, tena nilikaa zaidi ya saa moja baada ya zamu. Barua imenitia hatiani kwa yote mawili, na hakuna sehemu inayoeleza imewezekanaje. Kwenye kikao niliuliza hilo swali nikaambiwa tutalirudia, hatukulirudia.

Ukweli ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyotokea, na vitu vya kuonyesha hivyo vipo humu humu ofisini, havihitaji mtu aniamini kwa maneno.

Tuanze na kuondoka. Supavaiza alipita mezani kwangu saa tisa na nusu hakunikuta, hilo sibishi, sikuwepo mezani. Nilikuwa stoo ya nyuma napokea mzigo uliorudishwa na wateja, na hati ya kupokelea mzigo huo ina saa tisa na dakika thelathini na tano, ina saini yangu na saini ya dereva aliyeuleta. Baada ya hapo nikapanga mzigo, nikakabidhi funguo kwa mwenzangu wa zamu ya jioni kwenye daftari la makabidhiano na yeye akasaini, nikatoka. Mashine ya alama za vidole imenisoma natoka saa kumi na dakika saba. Zamu inaisha saa kumi kamili. Meza kuwa tupu haimaanishi mtu hayupo kazini, hasa mtu wa stoo ambaye nusu ya kazi yake iko huko nyuma kwenye mashelfu.

Kuhusu lori ndo naomba ukae nalo zaidi maana ndo tuhuma nzito, na nadhani ndo iliyofanya wakafika kwenye onyo la mwisho. Ushahidi uliowekwa ni mmoja tu, kwamba sistimu inaonyesha mzigo umetolewa kwa akaunti inayoitwa STOO2. Barua inaiita "akaunti ya mhusika". Bosi ile akaunti sio yangu peke yangu, tunaitumia watu wa zamu zote mbili pamoja na wapakiaji pale mfumo unapokuwa mzito, na paswedi imeandikwa kwenye karatasi imebandikwa pembeni ya skrini, ukishuka sasa hivi utaiona. Sistimu inaweza kusema ni akaunti gani ilitumika na saa ngapi na kwenye kompyuta ipi, haiwezi kusema ni kidole cha nani kilibonyeza. Hii sio hoja niliyoitunga baada ya kupata barua. Mwezi wa kwanza nilimwandikia imeili fundi wa kompyuta, nakala kwa supavaiza, nikaomba kila mtu apewe akaunti yake kwa sababu siku kitu kikiharibika haitajulikana nani kafanya. Nilijibiwa kwamba litashughulikiwa. Imeili nimeiambatanisha.

Kuna hati ya kupakia pia. Ile hati ina saini sehemu ya mtoa mzigo na kwenye kikao niliomba tuiangalie, wakasema iko kwa wahasibu. Nimekuja kuiona kopi yake tarehe 20, yaani baada ya onyo kutoka. Saini ile sio yangu. Naomba iwekwe pembeni ya saini zangu za mwezi huo huo, zipo nyingi tu kwenye hati za kupokelea mzigo, mtu yeyote aangalie. Geti nako kuna daftari la magari, lori limeandikwa limetoka saa kumi na moja na dakika arobaini, na watu wanaotoka kwa miguu wanaandikwa ukurasa wa pili, jina langu lipo juu zaidi ya saa nzima kabla.

Zile katoni 40 sijui ziko wapi. Sitamtaja mtu kwa sababu sijaona kwa macho yangu, na mimi mwenyewe nimeshaonja ubaya wa kutajwa kwa kukisia. Inawezekana zimeibiwa, inawezekana zilienda kwa mteja kihalali ila hazikuingizwa vizuri, kwenye stoo yoyote hiyo inatokea. Ninachosema ni kwamba kunipa mimi onyo kumefunga jalada bila katoni kupatikana.

Halafu kamera. Kuna kamera moja inaangalia mlango wa kupakilia na nyingine iko karibu na mashine ya vidole. Niliomba picha za tarehe 12 siku ya kikao na bado sijazipata. Mashine za kamera zikijaa zinafuta zenyewe picha za zamani ili kurekodi mpya, kwahiyo hili ndo ombi langu la haraka kuliko yote, naomba leo hii mtu aagizwe azihifadhi pembeni, hata kama rufaa itasikilizwa wiki ijayo. Zikiangaliwa nikaonekana pale mlangoni saa kumi na moja na dakika ishirini, basi rufaa hii itupeni na mimi sitasema neno.

Tuhuma ya tatu, ya meseji. Niliiandika mimi sikatai, nayo ni hii neno kwa neno: "Hii ishu ya akaunti moja watu wote tulishaisema, siku ikiharibika atabebeshwa mmoja, naomba tulitatue." Ndo hivyo tu. Hakuna tusi na hakuna jina la mtu. Skrinshoti iliyowekwa kwenye faili imekatwa juu, haionyeshi kwamba supavaiza mwenyewe ndo alikuwa ameuliza kwenye grupu "nani ana la kusema kuhusu stoo". Nimeambatanisha mazungumzo yote tangu asubuhi ya siku hiyo ili isomwe kwa mtiririko wake.

Kwenye utaratibu pia kuna mambo nayalalamikia. Tarehe 17 asubuhi niliitwa koridoni nikaambiwa ingia ofisini sasa hivi, sikuwa nimepewa tuhuma kwa maandishi wala muda wa kuandaa chochote, na nilipoomba kuingia na mfanyakazi mwenzangu nikaambiwa ni maongezi ya kawaida tu. Siku mbili baadaye yale maongezi ya kawaida yakawa kikao cha nidhamu kwenye barua. Supavaiza ambaye ndo mlalamikaji alikaa upande wa wanaosikiliza na ndo amesaini onyo, yaani mtu mmoja amelalamika, amesikiliza na amehukumu. Nasema hivi bila chuki naye, tunafanya kazi pamoja na nategemea tuendelee, ila hata yeye angekuwa kwenye kiti changu asingeona sawa.

Barua inasema pia nina "historia", nadhani wanamaanisha onyo la mdomo la kuchelewa la mwaka jana. Lile lilikuwa la miezi sita na limeshaisha muda, na halihusiani na mzigo wala lugha. Kwenye kitabu chetu cha taratibu ngazi ziko wazi, mdomo, onyo la kwanza la maandishi, halafu la mwisho, kurukia la mwisho ni kwa makosa makubwa yaliyothibitishwa. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1982, kifungu cha 7, unasema mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Najua onyo sio kufukuzwa, lakini hili linakaa miezi kumi na mbili, na kosa lolote dogo ndani ya huo muda linanitoa, kwahiyo kujitetea kwangu ni sasa, nikisubiri siku hiyo nitakuwa nimechelewa.

Ninachopendekeza ni hiki. Onyo la mwisho lifutwe na barua itolewe kwenye faili langu. Suala la katoni lichunguzwe upya na mtu asiye wa stoo, labda kutoka kwa wahasibu au tawi lingine, nami nitatoa ushirikiano wote ikiwemo kuandika maelezo na kutoa sampuli ya saini. Wakati rufaa inasubiri, onyo lisihesabiwe. Kama uongozi bado utaona meseji ile haikupaswa kuwa kwenye grupu, niko tayari tukae mimi na supavaiza na mtu wa Rasilimali Watu, tukubaliane malalamiko ya kazi yapitie wapi, na iandikwe kama maelekezo ya kawaida, isiwe adhabu. Na kila mtu apate akaunti yake, hili hata rufaa yangu ikikataliwa naomba lifanyike, maana ile karatasi ya paswedi bado ipo pale.

Sidai fidia wala sitaki mtu mwingine aadhibiwe kwa ajili yangu.

Naomba rufaa isikilizwe na mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao cha tarehe 17, na niruhusiwe kuja na mwenzangu mmoja. Niko zamu ya asubuhi wiki hii yote, naweza kuja muda wowote baada ya saa nane mzigo unapopungua, au hata baada ya zamu. Nimeambatanisha hati ya kupokelea mzigo, kopi ya daftari la makabidhiano, imeili ya mwezi wa kwanza na mazungumzo ya grupu. Rekodi ya mashine ya vidole, daftari la geti, hati halisi ya kupakia na picha za kamera viko mikononi mwa ofisi, naomba viwepo mezani siku hiyo. Majibu naomba yawe kwa maandishi, pamoja na sababu zake.

Asante bosi, nasubiri.

Karani wa stoo, zamu ya asubuhi