YAH: KUOMBA KUAZIMA SIKU 12 ZA LIKIZO YA MWAKA 2027

Idara ya Fedha,
Barabara ya Nyerere,
Dar es Salaam.
10 Novemba 2026

Meneja Rasilimali Watu,
K.K. Mhasibu Mkuu

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba ruhusa ya siku 14 mfululizo, kuanzia Jumatatu 23 Novemba hadi Jumapili 6 Desemba 2026, na kurejea kazini Jumatatu 7 Desemba. Mwaka huu nilichukua siku 14 mwezi Aprili na 12 mwezi Agosti, hivyo katika zile 28 zimebaki 2. Naomba nizitumie hizo 2, na 12 zitolewe kwenye likizo yangu ya 2027.

Mama yangu mzazi ameanguka na kuvunjika nyonga. Atafanyiwa upasuaji Hospitali ya Bugando, Mwanza, Jumatano 25 Novemba. Nakala ya karatasi ya miadi nimeiambatanisha. Anahitajika ndugu wa kusaini ridhaa, kutafuta wachangiaji damu, kisha kukaa naye wodini na siku za mwanzo nyumbani, wakati bado hawezi kusimama bila kushikwa. Kaka yangu yuko zamu mgodini Geita na mdogo wangu amejifungua mwezi uliopita. Mama mdogo anafika Mwanza Ijumaa 4 Desemba kunipokea uuguzi, ndiyo maana sikuomba zaidi ya siku 14. Nitasafiri kwa basi Jumapili 22 Novemba na kuanza safari ya kurudi Jumamosi 5 Desemba, ili hata basi likichelewa niwe nimefika kabla ya Jumatatu.

Niliangalia kwanza njia nyingine. Zile siku 4 za dharura kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni za ugonjwa wa mtoto wa mfanyakazi, au msiba wa mtoto na ndugu wa karibu waliotajwa. Mzazi anayeuguzwa hayumo. Likizo ya ugonjwa ni ya mfanyakazi mwenyewe anayeumwa. Likizo bila malipo ingeniondolea sehemu kubwa ya mshahara wakati gharama za matibabu ziko juu yangu.

Najua wasiwasi wa ofisi katika kuazimisha siku: mtu akiacha kazi kabla hajazifikia, kampuni inabaki inadai. Kwa kipimo cha sheria cha siku 1 kwa kila siku 13, siku hizo 12 zitakuwa zimetimia ifikapo 5 Juni 2027. Nimesaini tamko, limeambatanishwa, kwamba ajira yangu ikikoma kabla ya tarehe hiyo, siku ambazo hazijatimia zikatwe kwenye malipo yangu ya mwisho. Pia sitaomba likizo nyingine kabla ya Julai 2027, na ninaelewa mwaka huo nitabaki na siku 16 tu. Nauli ya likizo siombi kwa safari hii.

Kazi ya mishahara ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa kuwa ninaondoka mwisho wa mwezi. Nitafunga kupokea karatasi za saa za ziada Jumatano 18 Novemba saa 10 jioni; zitakazochelewa zitalipwa Desemba, na nitawaandikia wasimamizi wa ghala na wa madereva mapema, kwani huko ndiko karatasi huchelewa kila mwezi. Orodha ya mishahara itakuwa mezani kwa Mhasibu Mkuu kwa saini Ijumaa 20 Novemba, na faili la benki litakuwa tayari. PAYE na SDL za Novemba mwisho wake ni 7 Desemba, siku ileile ninayorejea, na kuziachia siku ya mwisho ni kujitafutia faini. Kwa hiyo Rehema atawasilisha ritani, kutoa kontro namba na kukamilisha malipo kabla ya Alhamisi 3 Desemba. Tumekubaliana, na wiki ijayo tutakaa pamoja kuzipitia hatua zote kwa hesabu za Oktoba. Makato ya NSSF na Bodi ya Mikopo yana muda zaidi, nitayafanya mwenyewe nikirudi. Simu yangu itakuwa hewani; wakati wa upasuaji tu sitapokea.

Ikiwa siku 12 zote haziwezekani, naomba angalau 7. Pamoja na zile 2 zitanifikisha 1 Desemba, na siku 5 zitakazobaki ziwe bila malipo.

Nitashukuru kupata jibu kabla ya Ijumaa 13 Novemba ili niwahi kukata tiketi na kuanza makabidhiano.

Wako mtiifu,

Neema
Mhasibu wa Mishahara

Viambatanisho: fomu ya likizo, nakala ya miadi ya hospitali, tamko la makato, karatasi ya makabidhiano.
Nakala: Rehema, Idara ya Fedha.