YAH: Ombi la Ovadrafti ya Shilingi Milioni 20 kwa Kampuni ya Ushonaji wa Sare

4 Agosti 2025

Meneja wa Tawi,
Kitengo cha Mikopo ya Biashara.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kampuni yetu inashona sare za shule, ina mafundi 11, na imeweka akaunti ya biashara katika tawi lako tangu 2019. Tunaomba ovadrafti yenye kikomo cha shilingi 20,000,000 kwa miezi 12, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025.

Biashara yetu haidorori, ila pesa hutoka mapema na kurudi kwa kuchelewa. Vitambaa hununuliwa Oktoba na Novemba, mafundi hulipwa kila Jumamosi, na wateja hulipa Januari na Februari shule zinapofunguliwa. Makadirio ya msimu ujao, tukianza Oktoba na salio la shilingi 6,200,000, ni haya (kwa maelfu ya shilingi):

| Mwezi | Zinazoingia | Zinazotoka | Salio la mwisho |
|---|---|---|---|
| Oktoba | 9,000 | 17,500 | -2,300 |
| Novemba | 8,400 | 19,600 | -13,500 |
| Desemba | 12,800 | 17,300 | -18,000 |
| Januari | 31,000 | 14,500 | -1,500 |
| Februari | 38,700 | 13,200 | 24,000 |

Mapato ya Januari na Februari tumeyakadiria kwa oda zilizokwisha kusainiwa na shule sita, na kwa wastani wa mauzo ya rejareja ya misimu miwili iliyopita. Shule ambazo bado tunazungumza nazo hatukuzihesabu. Shilingi 2,000,000 zinazobaki juu ya upungufu wa Desemba ni za tahadhari, endapo mteja mmoja atachelewa.

Kwenye taarifa ya akaunti utaona kwamba Desemba 2024 hundi yetu moja ilirudi. Ni kweli, na ililipwa siku sita baadaye. Wiki hiyo mafundi wa kukata walikaa siku tatu mbele ya meza tupu, vyerehani vimefunikwa, huku oda zipo ukutani, kwa sababu kitambaa cha buluu kilikuwa kimeisha na msambazaji alitaka taslimu. Majora 150 ya msimu ule tuliyachukua kwa mkopo wa msambazaji, tukalipa shilingi 1,950,000 zaidi ya bei ya taslimu. Kwa matumizi yanayoonekana kwenye jedwali, riba ya ovadrafti, hata ikiwa asilimia 18 kwa mwaka, isingefika shilingi 700,000. Pia tulikataa oda ya shule moja ya sare 240, jambo lililotuuma kuliko hundi ile.

Hatuombi mkopo wa muda maalumu kwa kuwa tungelipa riba mwaka mzima kwa pesa tunazohitaji miezi minne tu. Tunaomba riba itozwe kwa kiasi tulichotumia, kwa kila siku kilipotumika. Kwa upande wetu tunaahidi akaunti ikae na salio chanya kwa siku 30 mfululizo au zaidi kati ya Machi na Agosti, ili ionekane kwamba ovadrafti haijageuka deni la kudumu. Haitatumika kununua mashine wala kulipa gawio.

Dhamana kuu ni kiwanja chenye karakana yetu. Hati miliki ni ya kampuni na haijawekwa rehani popote. Mthamini aliyesajiliwa alikikadiria Mei 2025 kuwa na thamani ya soko ya shilingi 62,000,000, na shilingi 45,000,000 kikiuzwa kwa haraka. Jengo lina bima ya moto, na tuko tayari benki iandikwe kama mnufaika. Wakurugenzi wote wawili watatoa udhamini binafsi. Vyerehani hatuviweki kama dhamana, kwa kuwa hushuka thamani haraka na visingekufaa kitu siku ya kuviuza.

Tunakubali pia kuziagiza shule zote sita kwa maandishi zilipe kupitia akaunti hii pekee. Hadi 31 Julai tulikuwa tunadai wateja shilingi 11,400,000. Kati ya hizo, 8,900,000 hazijafikisha siku 60. Zilizobaki 2,500,000 ni za mteja mmoja anayelipa kwa awamu, na hatukuzitegemea kwenye makadirio.

Tumeambatisha hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, azimio la bodi, nakala ya hati miliki, ripoti ya mthamini, cheti cha bima na mikataba ya shule sita. Msambazaji hupandisha bei ikifika katikati ya Oktoba, hivyo tutashukuru kupata jibu kabla ya tarehe 15 Septemba. Ofisa wako anakaribishwa kukagua karakana na daftari la oda siku yoyote ya kazi.

Wako mwaminifu,

Mkurugenzi Mtendaji,
kwa niaba ya Bodi ya Wakurugenzi