Twende Wote: maneno ya kampeni ya afya ya akili, Moshi

Haya ndiyo maneno yetu kuanzia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, mpaka watu watakapoanza kupanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Yasomwe kama yalivyo. Mwenye lake la kuongeza aongeze, ila "chizi", "mwehu" na "kichaa" yasitoke kwenye kipaza sauti chetu hata kwa utani.

Gari la matangazo: Mbuyuni, Kiboriloni, Pasua, Majengo, Stendi Kuu

Wana Moshi, habari za asubuhi! Mama unayepanga mafungu ya nyanya, kaka wa mkokoteni, dada unayefungua belo la mitumba, mangi hapo dukani, hili ni lenu.

Wiki ya pili sasa usingizi hauji. Chakula hakipiti. Kazi uliyokuwa unaipenda unaiona kama adhabu, na ukiulizwa unajibu "nipo, namshukuru Mungu". Mshukuru Mungu, ndiyo, halafu mwambie na mtu mmoja unayemwamini. Mmoja tu anatosha kuanzia.

Na wewe uliyeambiwa, usimjibu "jikaze", wala usianze kumsimulia shida zako. Msikilize mpaka amalize. Kisha mwambie maneno mawili: twende wote.

Anzieni zahanati au kituo cha afya cha karibu. Ikibidi, mtaelekezwa Mawenzi au KCMC. Huduma ya afya ya akili ipo hapahapa Moshi, na wanaoitoa ni watu wa hapahapa.

(Msomaji: hapa dereva azime muziki kabisa. Tukitangaza jambo hili juu ya singeli hakuna atakayesikia.)

Stika za ndani ya daladala

Mtu 1 kati ya 8 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019. Hesabu abiria waliomo humu, na konda umo.

Kumwona daktari wa akili si kupelekwa Mirembe. Wengi huenda kliniki asubuhi na jioni wako nyumbani wanapika.

Unashuka KCMC? Ukimwona jirani yako kwenye foleni ya kliniki ya akili, msalimie kama unavyomsalimia siku zote. Habari zake zibaki palepale.

Sonona ni ugonjwa. Si uvivu, si deko, si laana ya ukoo.

Bango la kijiwe cha bodaboda

Hesabu ya bosi haijatimia. Mkeka umechanika kwa mechi moja. Wa kausha damu wanapiga simu, na mama watoto anauliza ada. Mwanaume halii, eti. Basi anakunywa, au anagombana, au anaendesha kama mtu asiyejali kufika.

Mwana akianza kupaki pembeni, hachangii stori, hasira zimekuwa za ghafla, anasema "nyie mtabaki, mimi naondoka", usiishie kusema jamaa siku hizi amebadilika. Mfuate akiwa peke yake, zima pikipiki, sema hivi:

"Mwanangu, nakuona hauko sawa. Kuna nini? Sina haraka."

Kwa hesabu ya dunia nzima, wanaume wanaokufa kwa kujiua ni wengi kuliko wanawake. Wapo ambao hawakumwambia mtu.

Kwa wapagazi na waongozaji wa mlima (lisomwe ofisini kabla ya kupanda, na kubandikwa stoo ya mizigo)

Mwenzako akianza kutapika na kuyumba pale Barafu, hamumwambii ajikaze afike Uhuru. Mnamshusha, na hakuna anayemcheka. Mwenye sonona naye anahitaji kushushwa na mtu, siku hiyohiyo, kabla hali haijawa mbaya.

Novemba mvua za vuli zikianza wageni hupungua, na wewe unabaki nyumbani na madeni ya msimu. Uliyebeba mizigo ya watu miezi yote unaanza kujiona huna maana. Zungumza na mliyekuwa naye hema moja, maana anajua maisha yako kuliko wengi wa ukoo. Pombe italeta usingizi usiku mmoja, asubuhi mawazo yatakuwepo yaleyale na hela itakuwa imepungua.

Tangazo la redio (sauti mbili, mtoto mchanga analia kwa mbali)

MAMA MKWE: Mtori umepoa tena, mama. Jana pia hukuugusa.

MKWE: Sina hamu, mama. Samahani.

MAMA MKWE: Sikugombezi. Nimekaa hapa siku zote hizi nakuangalia. Mtoto akilia unageukia ukutani.

MKWE: (kimya) Mama… nikimshika naogopa. Nalia hata sijui nalilia nini. Nikisema, watasema huyu mwanamke hampendi mtoto wake.

MAMA MKWE: Waseme wao, mimi nikusikilize wewe. Unalala?

MKWE: Hata mtoto akilala, mimi silali.

MAMA MKWE: Basi kesho ni kliniki ya mtoto. Mimi nitambeba. Wewe kazi yako ni moja, umwambie nesi kama ulivyoniambia mimi sasa hivi. Usipunguze neno.

MKWE: Na nikishindwa kusema?

MAMA MKWE: Nitakuwepo. Nitaanza mimi, wewe utamalizia. Twende wote, mwanangu. Nipe huo mtori nikaupashe moto.

MTANGAZAJI: Kulia, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, na kujiona mama mbaya kwa zaidi ya wiki mbili baada ya kujifungua ni dalili za ugonjwa unaotibika. Semeni kliniki. Na kama mzazi anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, msisubiri siku ya kliniki. Asiachwe peke yake na mtoto, na apelekwe hospitali leo.

Tangazo la kanisani na msikitini (limeandikwa fupi makusudi, wachungaji na masheikh wana matangazo mengi)

Ndugu waumini, tunaendelea kuwaombea wagonjwa wetu wote, wakiwemo wanaougua akili na wenye kifafa. Tunaomba familia zisiwafunge kamba, zisiwafungie ndani, wala zisiwaachishe dawa kwa sababu wameombewa au wamesomewa dua. Dua na dawa vinakwenda pamoja. Aliye na mgonjwa nyumbani na anaona haya kumtoa, aje aonane na viongozi baada ya ibada. Wapo waliojitolea kumsindikiza hospitali.

Kwa wanafunzi (ubao wa matangazo shuleni)

Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na hofu imeanza siku nyingi. Tumbo kuvurugika, kusoma ukurasa mmoja mara tano bila kuelewa, kuamka usiku moyo unakwenda mbio: mwambie mwalimu wa ushauri, matroni, patroni, au mzazi ambaye hapigi kelele.

Ukiona kwa wakubwa wote waliokuzunguka hakuna wa kumwambia, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

Rafiki yako akikuambia anataka kufa, hiyo siri usiitunze. Atakununia wiki nzima, na bora akununie. Mwambie mtu mzima leo.

Bango la ofisi ya kata, baa, saluni na kinyozi

(Tuliliandika kwa herufi ndogo tukaona halisomeki, hivyo lichapwe ukubwa wa kalenda. Likae karibu na kioo, mahali mtu anapokaa kusubiri zamu yake.)

UNAHOFIA MTU WAKO ATAJIUA? MUULIZE.

Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua.

Sema: "Mambo yamekuwa mazito kwako. Je, umefikia kuwaza kujiua?" Uliza kwa sauti ya kawaida, bila kuhubiri. Usimwambie ni dhambi, usimwambie ana watoto. Hayo anayajua, ndiyo yanayomuumiza.

Akijibu ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho. Mwite mtu mmoja zaidi mnayemwamini wote, mpelekeni idara ya dharura, Mawenzi au KCMC, hata kama ni saa nane usiku. Mkifika mapokezi semeni wazi: "Tunahofia atajiua." Msiseme "anaumwa tumbo" kwa kuona aibu, maana atahudumiwa kama mgonjwa wa tumbo.

Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Aliyekwisha kujaribu mara moja anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, siyo kusimangwa.

Majibu kwa watakaotusimamisha barabarani

Akisema "hayo ni mambo ya wazungu", mjibu: Bibi zetu walijua. Mtu akifiwa, watu walilala kwake siku kadhaa ili asibaki peke yake na mawazo. Tunaomba hilohilo, hata pasipo na msiba.

Akisema "karogwa huyo", usibishane naye mbele ya watu. Mwambie: Hata ukiamini hivyo, mpeleke na hospitali, dawa haina ugomvi na imani yako.

Akiuliza kama dawa zitamfanya zezeta, mjibu ukweli: Nyingine huleta usingizi au mdomo kukauka mwanzoni, na za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hajaona nafuu, hivyo asikate tamaa siku ya tatu. Zikimsumbua arudi kwa daktari abadilishiwe au apunguziwe. Asiache ghafla mwenyewe. Na si kila mtu hupewa dawa. Wengine hupata nafuu kwa unasihi, yaani kukaa na mtaalamu na kuongea, mara kadhaa.

Akisema hana hela, usimpite. Mwambie akifika hospitali aulizie ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani. Hao ndio wanaoshughulikia misamaha ya matibabu.

Ujumbe wa simu, wiki mbili za kwanza za Desemba

*Wa kwanza:* Kuna ndugu anayesema mwaka huu hapandi? Usimuulize amepata kiasi gani. Mpigie: "Njoo mikono mitupu, kitanda chako kipo." Twende Wote.

*Wa pili:* Mbege ikizunguka, angalia nani amekaa nje ya duara. Sogeza kigoda chako kwake. Usimuulize lini anaoa, lini anajenga. Twende Wote.

*Wa tatu, kwa waliokwishaanza matibabu:* Unasafiri kwenda Rombo, Machame au Marangu? Beba dawa za siku zote utakazokaa, na moja mbili za ziada. Hospitali wakati wa sikukuu huwa na foleni. Twende Wote.