Utambulisho wa wagombea uenyekiti wa tawi, mdahalo wa wauguzi na wakunga, Mwanza

Jamani habari za jioni, karibuni sana, na nyie mnaosikiliza kwa simu mko wodini naiti tunawapata vizuri ila zimeni maiki, maana mpaka toroli la dawa tunalisikia huku. Mimi leo ni mwongozaji tu, sigombei na sina upande. Wagombea wako watatu, nafasi moja, uenyekiti wa tawi.

Kabla sijawataja niseme kitu. Hapa mbele leo hakuna sista, hakuna braza, hakuna mheshimiwa mwenyekiti, wote nawaita mgombea. Kuna aliyeleta wasifu kurasa tatu na kuna aliyeleta mistari mitano kwenye simu, sasa nikisoma zilivyo si ntakuwa nshampigia mtu kampeni? Kwa hiyo kila mmoja namsomea vitu vinne vilevile: jina, anapofanya kazi, miaka aliyokaa kazini na nafasi aliyoshika kwenye chama, na kila mmoja ameshayapitia maneno yake akasaini. Namba wamechota wenyewe kwenye boksi la glavu pale mlangoni, yani namba moja ni kikaratasi tu, haina maana nyingine.

Mgombea namba moja ni Rehema. Anafanya kazi Sengerema, wodi ya wazazi. Ana miaka 14 kazini. Kwenye chama ni mweka hazina wa tawi.

Mgombea namba mbili ni Joseph. Anafanya kazi Nyamagana, wodi ya upasuaji. Ana miaka 19 kazini. Kwenye chama ni mwenyekiti wa tawi.

Mgombea namba tatu ni Zawadi. Anafanya kazi Ilemela, kliniki ya mama na mtoto. Ana miaka 8 kazini. Kwenye chama ni mwakilishi wa kituo.

Haya makofi sasa, mara moja, ya wote watatu... asanteni. Hivyo vigelegele vya kule nyuma vimezidi, tuviweke akiba mpaka matokeo.

Naona mtu kaandika kwenye chati mbona digrii za watu sijazitaja. Kamati imehakiki leseni zao za Baraza la Uuguzi na Ukunga, zote ziko hai, na hicho ndo kigezo tulichokubaliana, anayetaka kutuambia kasoma wapi atatuambia ndani ya dakika zake tatu. Saa ni hii simu yangu, ikilia unamalizia sentensi unakaa, hata kama ndo ulikuwa unafika patamu. Swali la kwanza anaanza namba moja, la pili anaanza namba mbili, la tatu namba tatu, tunazunguka hivyo ili asiwepo mtu anayejibu kila mara ameshasikia wenzie wamesemaje.

Mgombea namba moja karibu, dakika zako zinaanza ukishika maiki.