Utambulisho wa mwalimu wa darasa, la Nne B: kikao cha kwanza cha wazazi

Mbukwenyi! Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Wazazi wangu na walezi, karibuni darasani. Poleni na jua, na poleni na kikao kirefu cha pale nje. Madawati ni ya watoto, najua yanawabana. Bibi zangu mliokaa dirishani, sogeeni huku ukutani kuna kivuli.

Mimi naitwa Mwalimu Rehema Msengi. Ndiye mwalimu wa darasa wa la Nne B mwaka huu, na nawafundisha Kiswahili na Hisabati. Ni Mnyiramba wa Kiomboi, ualimu nimesomea Mpwapwa, na kabla ya kuhamia hapa nilikuwa Manyoni. Huko sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa la Kwanza na la Pili, kufundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Nimepanga ile nyumba ya bati jekundu nyuma ya zahanati, jirani na mashine ya kusaga. Mwanangu nimemwandikisha hapa hapa, yuko la Pili. Kwa hiyo yanayowapata wanenu shuleni yanampata na wa kwangu.

Najua mnanitazama na kujiuliza, huyu mgeni atawafanyia nini watoto wetu. Ni haki yenu kuuliza. Ngoja niwaonyeshe nilichokwisha kufanya, halafu niseme ninachoahidi.

Tangu shule ifunguliwe nimemwita kila mtoto mezani kwangu, mmoja mmoja, akanisomea aya moja fupi ya Kiswahili. Wako 78. Watoto 46 wanasoma vizuri na kuelewa. 21 wanasoma kwa kusitasita, wakifika mwisho wa sentensi wamesahau mwanzo wake. 11 bado wanaunganisha silabi, ba, be, bi. Majina sitayataja hapa mbele za watu, leo wala siku nyingine. Kila mzazi nitamwambia la mtoto wake peke yake, hapa mezani.

Hao 11 nimeshaanza nao. Kila siku baada ya vipindi nabaki nao nusu saa, Jumatatu mpaka Alhamisi. Hakuna hela ya tuisheni. Mtoto akija nyumbani akasema Madamu anadai hela ya masomo ya ziada, nipigie simu saa hiyo hiyo, maana mimi sitakuwa nimemtuma.

Sasa tazameni daftari hili. Jina nimeliziba kwa karatasi. Swali lilikuwa 403 kutoa 178. Mtoto ameandika 375. Jibu ni 225. Mwingine angeweka kosa jekundu akaendelea. Lakini angalieni alivyofanya: kwenye mamoja ameona 3 na 8, akatoa 3 kwenye 8, akapata 5. Kwenye makumi, 0 na 7, ameandika 7. Kwenye mamia 4 toa 1, ni 3. Kila mahali ametoa namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Mtoto huyu ana akili na ana utaratibu, ila kukopa hajakuelewa, na hapo katikati kuna sifuri, kwa hiyo lazima akope mara mbili. Tulikaa naye na vijiti, tukafungua fungu la mia kuwa makumi kumi, fungu moja la kumi kuwa vijiti. Jana kapata maswali matano yote. Hivyo ndivyo ninavyosahihisha. Mkiona kwenye daftari nimeandika maneno pembeni ya kosa, mjue hapo ndipo nitakapoanzia kesho yake.

Naona baadhi yenu mnasubiri nigusie viboko. Mtoto hatachapwa darasani kwangu kwa sababu amekosa hesabu au hajui kusoma. Akichapwa kwa kutojua, kesho ataficha kwamba hajui, na mimi nitakuwa nimepoteza njia ya kumsaidia. Hata kanuni za mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu kushika fimbo: ni mwalimu mkuu au yule aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Utovu wa nidhamu nitaushughulikia, msiwe na wasiwasi, mimi si mpole wa kuchezewa. Lakini ukiletewa habari kwamba mwanao kapigwa au katukanwa na mimi, njoo uniulize usoni. Usiporidhika na jibu langu, ofisi ya Mwalimu Mkuu iko pale, na mwenyekiti wa kamati ya shule mnamjua.

Michango ya chakula inapita kwa kamati, kwa risiti. Mimi sipokei debe la mahindi wala hela mkononi, na simrudishi mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango.

Mwaka huu watoto wetu wana Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, mwezi wa kumi. Nawaomba msisubiri mwezi wa kumi kujua mtoto yuko wapi. Kila Ijumaa daftari la Kiswahili na la Hisabati yatarudi nyumbani. Lifungueni, mtie saini. Asiyejua kusoma asione haya hata kidogo: mwambie mtoto akusomee kwa sauti ukurasa wa wiki hiyo, halafu weka alama yoyote, hata mstari. Akikusomea bila kukwama utasikia. Akikwama utasikia pia. Bibi, wewe ambaye wazazi wa mtoto wako mjini kutafuta, saini yako ndiyo ninayoitaka, sitamsubiri baba yake arudi.

La mwisho ni la shamba, na hili naliongea kwa heshima. Nimekulia kwenye uwele na mtama. Chakula cha mwaka mzima kinatoka kwenye hizi mvua za miezi michache, siwezi kusimama hapa niseme palizi si kitu. Lakini kule Manyoni nimeona inavyokuwa: mtama ukianza kukomaa, mtoto anatumwa kulinda ndege wiki mbili, tatu, akirudi wenzake wako mbali na yeye anaanza kuona aibu. Kutoka hapo utoro ni hatua ndogo. Ninachoomba ni hiki: kabla hujamtoa darasani, nipigie. Tutazungumza. Pengine yeye aende shambani jioni na Jumamosi, asubuhi ashike mkubwa mwingine. Pengine majirani wawili mpokezane watu. Shida nikiijua tutaipatia njia, na mtoto nitampa kazi ya kufanya. Nisipoijua, nitamwandika mtoro, na sipendi kumwandika mtoto wa mtu mtoro huku anashinda na kwelea kwelea.

Namba yangu nimeiandika ubaoni na kwenye jalada la ndani la kila daftari la Kiswahili. Napokea simu kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku. Mwenye salio dogo anibipu, nitampigia.

Sasa nakaa. Madaftari yako hapa mezani, yamepangwa kwa majina. Tuanze na kina bibi na kina mama wenye watoto wachanga, halafu waliotoka mbali, wawahi njia kabla mvua haijashuka. Kila mmoja aje, tufungue daftari la mtoto wake pamoja.